Ova, Anda na Sare Zilizogoma
Mhadhara wa wazi uliotolewa Lushoto mjini

 

Nimeambiwa kwamba nusu yenu mmekuja kwa ajili ya hesabu na nusu kwa ajili ya mkeka. Wa hesabu hawatapungukiwa. Wa mkeka, nawaomba radhi mapema.

Nianze na mti wa mapeasi, maana hapa Lushoto hakuna asiyeujua. Msimu ukifika matunda huanguka usiku, moja moja. Ukilala hujui tunda litaanguka saa ngapi, na kila dakika ukiichukua peke yake uwezekano wa tunda kuanguka ni mdogo sana. Lakini dakika za usiku ni nyingi. Ukiamka kila asubuhi ukahesabu yaliyo chini, baada ya mwezi utajua wastani: tuseme mawili na nusu kwa usiku. Swali la Mfaransa Siméon Denis Poisson, kwenye kitabu alichokichapisha mwaka 1837, lilikuwa la namna hiyo: ukijua wastani tu, waweza kusema ni usiku ngapi hutakuta tunda, ngapi utakuta moja, ngapi utakuta matano? Jibu ni ndiyo, kwa masharti. Matunda yaanguke moja moja, na tunda moja lisisukume jingine. Naomba mlishike hilo la kutosukumana, kwa sababu mhadhara wote utakuja kuning'inia hapo.

Mfano wa kwanza uliojulikana sana ulitoka kwa Ladislaus Bortkiewicz mwaka 1898, siku zile Wajerumani walipokuwa wakiujenga mji huu wakiuita Wilhelmstal. Yeye alihesabu askari wa Prussia waliouawa kwa mateke ya farasi. Alichukua vikosi 10 kwa miaka 20, akapata vifo 122, na mpangilio wake ukalingana na hesabu ya Poisson kwa namna ya kushangaza. Farasi hapangi zamu na farasi mwenzake.

Sasa mpira. Bao ni tukio adimu ndani ya dakika 90. Tuone kama nalo linafuata mti wa mapeasi. Sikutaka kuchukua takwimu za Ulaya, basi nikachukua mashindano ambayo Taifa Stars ilikuwemo, Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Ivory Coast Januari na Februari 2024. Hatua ya makundi ilikuwa na mechi 36. Nilizihesabu zote kwa mkono: mabao 89. Gawanya kwa 36, unapata 2.47 kwa mechi, yaani bao moja kwa kila dakika 36 hivi.

Hesabu yenyewe haihitaji kompyuta. Simu yenye kikokotoo cha sayansi yatosha. Chukua namba e, ambayo ni 2.718, uipandishe kwa kipeo cha hasi wastani. Kwa wastani wa 2.47 unapata 0.085. Huo ndio uwezekano wa mechi kuisha bila bao. Kupata uwezekano wa bao moja, zidisha kwa 2.47. Kupata wa mabao mawili, chukua jibu la bao moja, zidisha kwa 2.47, gawanya kwa 2. Kwa matatu, chukua la mawili, zidisha tena kwa 2.47, gawanya kwa 3. Unapanda ngazi hivyo hivyo, kila daraja linasimama juu ya lililotangulia.

Nilipomaliza nikazidisha kila jibu kwa 36, nikaweka pembeni yake kilichotokea kweli uwanjani. Mechi zisizo na bao: Poisson alisema 3, zikawa 3. Zenye bao moja: alisema 7.5, zikawa 7. Mabao matano: alisema 2.3, zikawa 2. Mabao sita: alisema moja, ikawa moja, ile ya Equatorial Guinea kuifunga Guinea-Bissau 4 kwa 2. Na ile ambayo vijana wa kibanda umiza wanaisubiri, ova 2.5, yaani mabao matatu kwenda juu: alisema 16.2, zikawa 15.

Mtu hajui jina la timu hata moja, anajua wastani tu, na anakaribia hivyo. Mimi nilipoiona mara ya kwanza nilirudia kuhesabu nikidhani nimekosea.

Lakini kuna daraja tatu nimeziruka makusudi, na wale wa hesabu wameshaona. Mechi za mabao mawili alisema 9.3, zikawa 11. Za matatu alisema 7.7, zikawa 4 tu. Za manne alisema 4.7, zikawa 8. Mawili juu, matatu chini, manne juu. Kwa nini shufwa zimezidi na witiri imepungua? Tuache swali hilo liloweke. Tutalirudia.

Wastani wa mashindano hauuzi odi. Anayeweka odi anataka mechi moja, timu mbili. Nachukua Zambia na Tanzania, San Pedro, tarehe 21 Januari 2024, na nitajifanya nimekaa asubuhi ya siku ile, sijui matokeo.

Naanza na Taifa Stars. Kwenye kufuzu ilicheza mechi sita. Sare ya 1 kwa 1 na Niger, ikafungwa 2 na Algeria, ikaifunga Uganda 1, ikafungwa na Uganda 1, ikaifunga Niger 1, na ikatoka 0 kwa 0 na Algeria kule Annaba, sare iliyotupeleka Ivory Coast. Imefunga matatu, imefungwa manne. Bao 0.5 kwa mechi.

Hapa ndipo mwanafunzi hujikwaa mara nyingi. Anachukua 0.5 kama ilivyo. Lakini mechi sita ni ushahidi mwembamba. Shuti moja lililogonga mwamba lingeingia, ingekuwa mabao manne kwa sita. Mkulima wa hapa akivuna gunia tatu za viazi mwaka mmoja shambani kwake, na majirani wote wanavuna saba, mwaka ujao hatabiri tatu wala saba. Atasema kati ya hapo, na kadiri miaka inavyopita anaegemea zaidi shamba lake. Mimi hufanya hivyo kwa kuiongezea timu mechi sita za kubuni zenye wastani wa kawaida, ambao hapa nauweka 1.2 kwa timu kwa mechi. Tanzania inakuwa na mabao 3 na 7.2, jumla 10.2, kwa mechi 12: 0.85. Kufungwa ni 4 na 7.2, gawanya kwa 12: 0.93. Kwa nini sita na si kumi? Ni uamuzi wangu. Ukiwa na data ya misimu mingi unaijaribu namba hiyo uone ipi inatabiri vizuri. Ukiwa na mechi sita unatumia busara na unaikiri.

Hatua inayofuata ni kulinganisha na wastani. 0.85 kwa 1.2 ni 0.71: ushambuliaji wetu ni asilimia 71 ya timu ya kawaida. 0.93 kwa 1.2 ni 0.78: tunafungwa asilimia 78 ya inavyofungwa timu ya kawaida, ambayo ni sifa. Kwa Zambia nimefuata njia ileile nikaipa ushambuliaji 1.33 na ulinzi 0.92. Sasa mabao yanayotarajiwa ya kila timu ni wastani, mara ushambuliaji wake, mara ulinzi wa mpinzani:

```
Tanzania: 1.2 x 0.71 x 0.92 = 0.78
Zambia:   1.2 x 1.33 x 0.78 = 1.24
```

Kuzidisha huku kwa nguvu ya kushambulia na ya kulinda ndiko alikokuandika Michael Maher mwaka 1982, na mpaka leo modeli nyingi kubwa bado zimejengwa juu ya msingi wake. Kwa mechi ya ligi ungeongeza kizidisho cha nyumbani. San Pedro haikuwa nyumbani kwa yeyote kati yao, nikakiacha.

Kupata matokeo kamili unapanda ngazi mara mbili, moja kwa kila timu, kisha unazidisha. Uwezekano wa Tanzania kufunga bao moja ni 0.358, wa Zambia kufunga moja ni 0.359. Moja kwa moja ni zao la hizo mbili: 0.128, asilimia 13 karibu. Ukiwa na subira ukajaza jedwali zima, utaona matokeo yenye nafasi kubwa kuliko yote ni Zambia 1, Tanzania 0, na hata hayo ni asilimia 16 tu. Anayekuuzia matokeo kamili ya uhakika, mwulize ameyatoa wapi. Ukijumlisha visanduku vyote, Zambia kushinda ni 47, sare 30 kasoro, sisi kushinda 23.

Kwa ova na anda huhitaji jedwali. Mapeasi ya miti miwili yakiangukia uwanja mmoja, jumla yake nayo inafuata Poisson, na wastani wake ni jumla ya wastani mbili: 0.78 na 1.24 ni 2.02. Kwenye lahajedwali ya Excel, anda 2.5 ni mstari mmoja:

```
=POISSON.DIST(2, 2.02, TRUE)
```

Jibu ni 0.671. Ova ni iliyobaki, 0.329. Bei ya haki ni moja gawanya kwa uwezekano: anda 1.49, ova 3.04. Bei ya haki maana yake ni kwamba ukiinunua mara nyingi sana, hupati wala hukosi.

Dukani hutaikuta. Tufanye, kwa mfano tu, umekuta ova kwa 2.60 na anda kwa 1.45. Geuza bei kuwa uwezekano: moja kwa 2.60 ni 0.385, moja kwa 1.45 ni 0.690. Jumla 1.074. Mechi haiwezi kuwa na uwezekano wa asilimia 107, kwa hiyo hizo 7.4 za ziada ni ushuru wa mwenye duka. Sasa weka shilingi 1,000 kwenye ova: 0.329 mara 2.60 inarudisha wastani wa shilingi 855. Weka kwenye anda, ambayo modeli yangu inaipenda: 0.671 mara 1.45 inarudisha 973. Yaani hata modeli ikiwa sahihi kabisa, na hata ukichagua upande ulio bora, unapoteza shilingi 27 kwa kila elfu. Kujua upande wenye nafasi kubwa na kupata bei nzuri ni mambo mawili tofauti, na sijaona kibanda ambacho wanayatenganisha.

Ukizifunga mechi tano kama hizo kwenye mkeka mmoja, ushuru nao unazidishana. Ikiwa kila bei imebeba 7.4 hiyo kwa usawa, elfu yako inarudi wastani wa shilingi 699 hivi. Nasikia mtu kule nyuma anasema yeye huweka mechi kumi na tano. Nimemhesabia: 342 hivi.

Na modeli yenyewe ina ulegevu wake. Tuseme nimekosea wastani kwa bao 0.2 tu, kwamba haukuwa 2.02 bali 2.22. Hilo ni kosa dogo sana, hakuna awezaye kuapa kwamba hajalifanya kwa mechi sita za kufuzu. Bei ya haki ya ova inashuka kutoka 3.04 mpaka 2.61. Kosa ambalo huwezi kuliona kwa macho limekula tofauti yote ile ya bei. Ndiyo maana mtu akiniambia amegundua thamani kwa sababu modeli yake inasema 3.04 na duka linasema kinyume, swali langu la kwanza huwa: wastani wako umejengwa na mechi ngapi?

Mechi ikachezwa. Dakika ya 11 Simon Msuva akafunga. Dakika ya 44 Roderick Kabwe wa Zambia akatolewa kwa kadi nyekundu. Tukaongoza dhidi ya watu kumi mpaka dakika ya 88, Patson Daka akasawazisha kwa kichwa. Moja kwa moja. Kibanda nilichokuwamo kilinyamaza kama msiba. Anda ilikuwa imetimia, kwa asilimia yake 67, lakini angalia jinsi ilivyotimia.

Hapa ndipo turudi kwenye zile shufwa zilizozidi. Nilizihesabu pia sare za mechi 36. Kama kila timu ingekuwa mti wake, usiojali mti mwingine, modeli inatarajia sare 10. Zilitokea 15. Sare daima ni jumla ya shufwa: moja kwa moja ni mawili, mbili kwa mbili ni manne. Kumbe ule ubonde kwenye mabao matatu na vilima pande zake si ajali ya pembeni. Ni sare zinazojitokeza kwa mlango mwingine.

Peasi lililoanguka halijui mengine mangapi yameanguka. Mchezaji anajua. Anaangalia ubao wa matokeo. Timu inayofungwa moja inapandisha mabeki, timu inayoongoza inarudi nyuma kulinda, na zikifika dakika ya 80 sare huku sare inazitosha zote, mpira unatulia. Annaba, Algeria ilikuwa imeshafuzu na sisi tulihitaji pointi moja. Sidhani kama kuna mtu alishangaa ilipoisha 0 kwa 0.

Watu hudhani kinachoiharibu Poisson ni mwendo wa mechi kubadilika. Sivyo. Milimani huku viwanja vingi vina mteremko, na timu inayoshuka kipindi cha kwanza hufunga zaidi kuliko inapopanda. Hilo halidhuru chochote. Jumlisha wastani wa kushuka na wa kupanda, Poisson inabaki Poisson, kwa sababu mteremko haukusubiri kuona matokeo. Kinachodhuru ni mwendo unaobadilika kwa sababu ya bao lililofungwa. Tunda limesukuma tunda.

Mark Dixon na Stuart Coles wa Chuo Kikuu cha Lancaster waliliona tatizo hili kwenye mechi za Uingereza na mwaka 1997 wakachapisha kiraka. Walichukua visanduku vinne tu vya jedwali: 0-0, 1-1, 1-0 na 0-1. Viwili vya sare wakavinenepesha kidogo, viwili vingine wakavikondesha, kwa namba moja inayokadiriwa kutoka kwenye data. Ni kiraka kizuri, natumia. Ila nilipokiweka kwenye Kombe lile kilinichekesha. Sare za 0 kwa 0 hazikuhitaji msaada: zilitarajiwa 3, zikawa 3. Zilizozidi ni 1 kwa 1, saba badala ya 4.6, na 2 kwa 2, tano badala ya 1.8, ambazo kiraka hakizigusi kabisa. Nne kati ya hizo tano zilitoka kundi moja, la Misri, Ghana, Cape Verde na Msumbiji.

Je, nijenge kiraka changu cha 2 kwa 2? Nilishawishika, nakiri. Lakini sare 15 badala ya 10 kwenye mechi 36 ni umbali ambao bahati tupu inaweza kuufikia mara moja moja, na kundi moja la ajabu si sheria ya mpira. Mtu anayeshona kiraka kwa kila mkunjo wa data yake anaishia na nguo inayomtosha maiti mmoja tu, yule wa jana.

Kuna kosa jingine ambalo nimelifanya mbele yenu bila ninyi kunishtaki. Nilipoijaribu Poisson kwa mechi 36, ule wastani wa 2.47 niliutoa kwenye mechi zizo hizo. Nimempa mtahiniwa majibu kisha nikamsifu. Kwa kuonyesha umbo haina neno, lakini kwa kupima utabiri haifai. Anayetaka kujua kama modeli yake ina macho aandike uwezekano wake kwenye daftari kabla ya mechi kuanza, kwa wino, na asifute.

Kisha azipange. Mechi zote alizozipa ova asilimia 33 hivi aziweke pamoja aone ngapi zilikuwa ova. Zikiwa theluthi, anaona. Zikiwa nusu, ana tatizo. Aziwekee pembeni bei za duka zilizotolewa ushuru, kwa kuigeuza kila moja kuwa uwezekano kisha kugawanya kwa jumla kama ile 1.074, aone nani alikaribia zaidi, yeye au duka. Mimi daftari langu linaonyesha duka linanishinda, si kwa mbali, lakini linanishinda.

Kuna aliyeniuliza mlangoni inachukua muda gani kujua kama modeli inaona, nilimwahidi namba. Kutofautisha uwezekano wa 33 na wa 38 kwa uhakika wa kuridhisha, unahitaji angalau mechi 350 za aina hiyo hiyo. Ligi yenye timu 16, nyumbani na ugenini, ina mechi 240 kwa msimu mzima, na si zote utakazozipa asilimia 33.